Tofauti Sifuri: Hati ya Makabidhiano ya Kazi ya Saa Nane Usiku

Mtaalamu wa mifumo anapoacha kazi, mwajiri hudai kompyuta, kitambulisho, funguo za ofisi na nywila. Hivyo vyote vinahesabika na kusainiwa. Kisichohesabika ni kile anachokijua peke yake kuhusu programu inayoamka usiku watu wakiwa wamelala, ikalinganisha hesabu za fedha na kulala tena kabla ofisi haijafunguliwa. Hapo ndipo hati ya makabidhiano inapotakiwa. Wengi huiandika vibaya, kwa sababu hueleza programu inavyofanya kazi na kusahau kueleza inavyodanganya.

Tuisome hati moja ya namna hiyo. Chama cha akiba na mikopo tutakachokitumia ni cha mfano, na namba zake ni za mfano. Kasoro zilizomo ni za kawaida kabisa, na yeyote aliyewahi kulinganisha miamala ya simu na vitabu vya ofisi atazitambua.

Chama chetu kina wanachama wanaolipa akiba na marejesho ya mikopo kwa simu. Mwanachama anaingiza namba ya kampuni, kisha kumbukumbu namba, ambayo ni namba yake ya uanachama, kisha kiasi. Fedha inakatwa palepale na kampuni ya simu inamtumia meseji yenye namba ya risiti. Wakati huohuo seva ya kampuni ya simu inaitumia seva ya chama taarifa fupi: risiti namba fulani, kiasi fulani, kumbukumbu namba fulani, saa fulani. Taarifa hiyo ikifika, leja ya chama inaongezwa. Kwa siku ya kawaida taarifa kama hizo ni karibu 4,000.

Lakini taarifa na fedha ni vitu viwili tofauti. Umeme ukikatika kwa dakika ishirini au mtandao ukiyumba, fedha inaingia kwenye akaunti ya chama ilhali taarifa haifiki. Mwanachama ana risiti mkononi, leja haimjui. Kwa ajili ya watu kama hao ndipo panapofanyika usuluhisho wa hesabu kila usiku. Saa saba na nusu usiku kampuni ya simu inaweka mahali palipokubaliwa faili lenye miamala yote ya siku iliyopita, mstari mmoja kwa kila muamala. Saa nane programu ya chama inalichukua faili hilo, inasoma mstari kwa mstari, na kwa kila risiti inauliza: hii ipo kwenye leja? Ikiwepo, inapita. Isipokuwepo, inaiandika kuwa tofauti na kumwongezea mwanachama fedha yake. Saa kumi alfajiri inaamka programu nyingine, ya faini, inayopita kwenye mikopo yote na kumtoza kila ambaye rejesho lake la jana halionekani.

Ratiba ya kazi hizo mbili kwenye seva ni mistari miwili tu:

```
0 2 * * *  /opt/saccos/linganisha.sh
0 4 * * *  /opt/saccos/faini.sh
```

Namba mbili za mwanzo ni dakika na saa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo `0 2` ni saa nane usiku na `0 4` ni saa kumi alfajiri. Ukiitazama mistari hiyo utaona jambo ambalo mwandishi wa hati yetu ameliweka aya ya kwanza kabisa: kazi ya pili haiulizi kama ya kwanza imefanikiwa. Kinachoziunganisha ni saa ya ukutani. Usuluhisho ukifeli, faini itatoza vilevile. Usuluhisho ukichelewa kumaliza, faini haitasubiri. Kwa kawaida kazi ya kwanza huchukua dakika kumi na moja, hivyo kuna nafasi kubwa. Mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka na wanachama wakalipa kwa wingi, huchukua karibu saa nzima. Hati inamwambia mpokeaji aangalie muda huo kila mwisho wa mwezi, na siku utakapovuka saa moja na nusu aisogeze faini mbele bila kungoja ruhusa ya kikao.

Baada ya hapo hati inaingia kwenye kiini chake: usiku unaotisha zaidi ni ule ambao programu haijalalamika.

Uchukue usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 5 Machi 2025. Asubuhi mhasibu anafungua kumbukumbu za mfumo na kusoma hivi:

```
02:00:01 mwanzo
02:00:04 mistari ya faili: 2611
02:07:12 tofauti: 0
02:07:12 mwisho: SAWA
```

Kwa mtu asiyejua, hizi ni habari njema. Hakuna hata mwanachama mmoja aliyepotelewa. Lakini Jumanne jioni, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na dakika ishirini, seva ya chama ilizimika, na katika dakika hizo wanachama 37 walikuwa wamelipa. Tofauti zilitakiwa ziwe 37. Zimekwenda wapi?

Jibu liko kwenye mstari wa pili, ila halimfai mtu ambaye hakuambiwa namba ya kawaida. Siku ya kazi faili huwa na mistari kati ya 3,900 na 4,300. Jumapili hushuka hadi karibu 2,000, na mwisho wa mwezi hupanda mara mbili. Mistari 2,611 siku ya Jumanne haiwezekani. Mpokeaji wa hati, akishaijua namba hiyo, anachukua hatua ya pili aliyoandikiwa, nayo ni kuusoma mstari wa mwisho wa faili:

```
$ tail -n 1 miamala_20250304.csv
20250304151207,QX71ABC
```

Sehemu ya kwanza ni tarehe na saa ya muamala: tarehe 4 Machi, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Faili zima la siku huishia dakika za mwisho kabla ya saa sita usiku, kwa sababu hakuna usiku ambao mtu mmoja hakulipa saa tano na dakika hamsini na kitu. Isitoshe, mstari wenyewe umekatika: namba ya risiti haijakamilika, kiasi hakipo, kumbukumbu namba haipo. Kilichotokea ni kwamba usiku ule kampuni ya simu ilichelewa kulituma faili. Saa nane ilipogonga, faili lilikuwa bado linashuka. Programu ililikuta lipo kwa jina lake, ikaamini limekamilika, ikachukua kilichokuwepo.

Mtu atauliza kwa nini programu haikuanguka ilipoukuta mstari uliokatika. Hati ina jibu, na hapa ndipo mtu aliyeishi na mfumo anapojitenga na aliyeusoma tu. Miaka ya nyuma mstari wa kwanza wa faili, wenye majina ya safu, ulikuwa ukiiangusha programu kila usiku. Ikaandikwa sheria: mstari usiosomeka urukwe. Sheria ikatibu ugonjwa wa siku ile na kuacha mlango wazi. Tangu hapo mstari wowote mbovu unarukwa kimya, uwe wa kwanza au wa mwisho.

Na kwa nini tofauti zikawa sifuri, badala ya programu kushangaa kwamba leja ina miamala zaidi ya 4,000 na faili lina 2,611? Kwa sababu inalinganisha upande mmoja. Inatoka kwenye faili kwenda kwenye leja, hairudi. Ni kama mwalimu anayeita mahudhurio kwa karatasi iliyochanika nusu: kila anayeitwa anaitika, na mwishoni mwalimu anaandika kwamba hakuna aliyekosekana. Waliokuwa kwenye nusu iliyochanika hawakuitwa kabisa. Faili likiwa tupu kabisa matokeo ni yaleyale, tena ya haraka zaidi: tofauti sifuri, mwisho, sawa.

Upande wa pili uliwahi kuwepo. Ulizimwa kwa sababu ya saa sita usiku. Mwanachama akilipa sekunde chache kabla ya siku kugeuka, kampuni ya simu inauandika muamala siku hiyo, na taarifa ikifika kwenye leja sekunde chache baadaye inaandikwa siku inayofuata. Kwa hiyo ukitoka kwenye leja kwenda kwenye faili, kila asubuhi utakuta miamala miwili mitatu ambayo eti leja inayo na kampuni ya simu haina. Mhasibu alichoka kufuatilia mizimu hiyo, akaomba iondolewe, nayo ikaondolewa pamoja na ukaguzi wote wa upande ule. Dawa sahihi ingekuwa kulinganisha kwa namba ya risiti bila kujali tarehe, na kuipa miamala ya mpakani siku moja zaidi kabla ya kuilalamikia. Hati inalitaja hili kuwa deni la kwanza la kulipwa.

Gharama ya usiku ule ilionekana saa kumi alfajiri. Kati ya wale 37, tisa walikuwa wamelipa marejesho siku yenyewe ya mwisho. Leja haikuwajua, programu ya faini ikawatoza. Saa mbili na nusu asubuhi simu ya kaunta inaita: "Dada, mimi jana jioni nimelipa rejesho, risiti ninayo hapa. Sasa hii faini mnanitoza ya nini?" Na mhudumu, akiwa mbele ya skrini inayosema usuluhisho umekwenda sawa, anashawishika kumwambia mwanachama kwamba labda alikosea kumbukumbu namba.

Sasa mpokeaji ana faili kamili, limefika, lina mistari 4,108. Jambo la kwanza linalomjia ni kuiendesha programu tena. Hati inamzuia kwa sentensi moja: usirudie kabla ya kutoa miamala iliyorudishwa.

Sababu yake inahitaji maelezo. Kwa malipo ya kawaida, kurudia hakuna madhara. Leja ina kinga: namba ya risiti haiwezi kuingia mara mbili. Miamala 2,611 iliyokwisha kupitiwa, na mingine iliyofika yenyewe, itakutwa ipo na kupitwa, na wale 37 wataongezewa fedha zao mara moja tu. Tabu ni muamala uliorudishwa. Mtu ametuma shilingi 50,000 kwa makosa, amelalamika, kampuni ya simu imemrudishia. Kwenye faili marudisho hayo ni mstari unaojitegemea wenye namba yake ya risiti, lakini programu ilitengenezwa kuuandika kwenye leja kwa namba ya risiti ya malipo ya awali, ili mhasibu aone unatoka wapi. Namba hiyo tayari ipo, kwa hiyo kinga ilikuwa ikiyakataa marudisho yote. Ufumbuzi wa wakati ule ukawa kuyaondolea kinga. Matokeo yake, ukiendesha programu mara mbili kwa siku ileile, kila muamala uliorudishwa unakatwa mara mbili, na mwanachama ambaye hakuhusika na lolote anajikuta amepungukiwa 50,000.

Dalili ya kosa hilo ni ya pekee, na hati inaieleza kwa mhasibu zaidi kuliko kwa mtu wa mifumo: idadi ya risiti inalingana pande zote mbili, lakini jumla ya shilingi hailingani. Ukiona hivyo, usitafute muamala uliopotea, maana haupo. Tafuta muamala uliorudishwa ambao kiasi chake ni sawa na tofauti ya jumla, halafu angalia kama programu iliendeshwa zaidi ya mara moja siku ile.

Dalili ya mwisho inahusu saa. Leja inahifadhi muda kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Faili la simu linakuja kwa saa ya hapa. Programu inabadilisha moja kwenda nyingine kwa kutegemea mpangilio wa seva, si kwa hesabu iliyoandikwa ndani yake. Siku chama kitakapohamia seva mpya na mtu akaiacha kwenye saa ya dunia, mambo mawili yatatokea pamoja. Kazi ya saa nane itaanza saa kumi na moja alfajiri. Pia malipo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yatahesabiwa kuwa ya siku iliyotangulia, kwa hiyo yatajitokeza kama tofauti ingawa yapo kwenye leja. Programu itajaribu kuyaongeza upya na kinga ya risiti itakataa, kwa hiyo fedha haziharibiki, lakini orodha ya tofauti itajaa. Namna ya kutambua ni rahisi: pitisha jicho kwenye safu ya saa. Tofauti za kweli hutawanyika au hukusanyika kwenye dakika ambazo seva ilizimika. Zikiwa zote ni za kati ya `00:00` na `02:59`, usiwaulize wanachama chochote, iangalie saa ya seva. Huku kwetu kosa hili halibadiliki mwaka mzima, kwa kuwa hatusogezi saa mbele na nyuma kwa majira. Kwa wenzetu wa Ulaya lingeonekana kwa sura mbili, ya kiangazi na ya baridi.

Hati ikiishia kwenye kutaja dalili bado haijatosha. Inabaki kumtaja mtu atakayezitazama, na hapo mfano wa kweli unafaa. Siku chache kabla ya tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, Knight Capital, iliweka programu mpya kwenye seva zake, lakini seva moja kati ya nane ikasahaulika na kubaki na programu ya zamani. Tarehe hiyo soko la New York lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, na ndani ya dakika 45 hivi seva hiyo ikawa imefyatua mamilioni ya maagizo yasiyotakiwa. Hasara ilipita dola milioni 460. Uchunguzi wa mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko ulionyesha kwamba asubuhi ileile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja kosa hilo kwa jina. Barua hizo hazikuwa zimewekwa kama kengele ya hatari, na haikuwa kawaida ya wafanyakazi kuzisoma zikifika. Dalili ilikuwepo, tena kwa maandishi. Haikuwa na mwenyewe.

Kwa sababu hiyo hati yetu haisemi "kumbukumbu ziangaliwe kila siku". Inasema nani, saa ngapi, na akiona nini afanye nini. Mhasibu wa zamu, saa moja na nusu asubuhi, anasoma vitu vitatu: idadi ya mistari, saa ya muamala wa mwisho, na jumla ya shilingi pande zote mbili. Idadi ikiwa chini ya 3,500 siku ya kazi, au saa ya mwisho ikiwa kabla ya saa tano na nusu usiku, hamsubiri mtu wa mifumo. Anaandika kwamba usuluhisho wa siku hiyo haujafanyika, na anazifunga faini za alfajiri hiyo zisionekane kwa wanachama mpaka faili kamili lipitiwe.

Makabidhiano yenyewe nayo yana utaratibu. Kumkalisha mpokeaji na kumsomea hati hakumfundishi kitu, kwa kuwa ataitikia kila sentensi. Anayeondoka anatakiwa kumpa seva ya majaribio na mafaili manne: tupu, lililokatika katikati, lenye muamala uliorudishwa, na zuri la siku ya kawaida. Mpokeaji anaendesha moja baada ya jingine bila kuambiwa lipi ni lipi, kisha anaeleza alichokiona kwenye kumbukumbu. Faili tupu na faili zuri yote yatamwandikia "SAWA". Akiweza kuyatenganisha mwenyewe, amepokea kazi.

Kisha aanze kuifupisha hati. Kila dalili inayoweza kupimwa na mashine inapaswa kuhamishwa kwenye programu na kufutwa kwenye karatasi. Programu ikatae faili lenye mistari michache kuliko kiwango badala ya kulipokea. Kampuni ya simu iombwe kulituma faili kwa jina la muda na kulipa jina lake halisi likishakamilika, au kuweka mwishoni mstari wa kufungia wenye idadi na jumla. Faini isianze mpaka usuluhisho uache alama kwamba umemaliza kwa kweli. Mambo haya matatu hayahitaji kuandika mfumo upya, na yakifanyika zaidi ya nusu ya hati inakuwa haina kazi.

Itabaki dalili moja ambayo mashine haiioni mapema: wanachama wasiojuana wanapiga simu asubuhi moja, na wote walilipa saa ileile jana. Mmoja peke yake huenda kweli alikosea kumbukumbu namba. Watatu waliolipa kati ya saa kumi na saa kumi na dakika ishirini hawawezi wote kuwa wamekosea. Lakini mhudumu wa kaunta hawezi kuuona mfanano huo kama daftari lake la malalamiko lina jina na kiasi tu. Kwa hiyo agizo la mwisho la hati halimhusu mtu wa mifumo wala mhasibu: kwenye daftari la kaunta iongezwe safu ya saa ya malipo, na simu ya tatu yenye saa inayofanana ipelekwe kwa mhasibu wa zamu hapohapo, hata kama skrini inasema tofauti ni sifuri.